Sura ya kitabu cha wahariri: nani atangulie kwenye marejeo?

Kitabu cha wahariri ni kile ambacho kila sura ina mwandishi wake, na mhariri ndiye aliyezikusanya na kuzisimamia. Ukitumia sura moja, unamrejelea aliyeiandika. Wengi huchukua jina lililo kwenye jalada, na hapo mawazo ya mtu mmoja yanaandikwa kwa jina la mwingine. Hilo ndilo kosa zito kuliko nukta au mkato uliokosewa.

Kwa mtindo wa APA, toleo la 7, marejeo yanakaa hivi:

Mwandishi, A. B. (2018). Kichwa cha sura. Katika C. D. Mhariri (Mh.), *Jina la kitabu* (kur. 45–67). Mchapishaji.

Tazama majina yalivyokaa. La mwandishi limeanza na ukoo kwa sababu orodha hupangwa kwa alfabeti na jina hilo ndilo linalopangwa. La mhariri liko katikati, halipangi chochote, kwa hiyo herufi zake za mwanzo zinatangulia ukoo. Wahariri wakiwa wawili, (Mh.) inakuwa (Wah.). Italiki ni ya jina la kitabu peke yake. Kichwa cha sura hakiinamishwi wala hakifungwi kwa alama za kunukuu. Mahali pa kuchapishia, palipotakiwa katika toleo la 6, siku hizi hapaandikwi.

Kurasa zinataka umakini. Kwenye orodha unaandika sura nzima, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama ulinukuu sentensi moja tu ya ukurasa wa 52. Hiyo 52 inakwenda ndani ya matini: (Mwandishi, 2018, uk. 52). Usikadirie mwisho wa sura kwa kutazama yaliyomo. Sura inayofuata ikianza ukurasa wa 69, huenda wa 68 ni mtupu na sura yako iliishia 67. Fungua kitabu uhakikishe, na kama sura ina marejeo yake mwishoni, nayo yahesabu. Kitabu kikiwa na toleo, linatangulia kurasa ndani ya mabano yaleyale: (toleo la 2, kur. 45–67).

Mhariri akiwa ameandika sura mwenyewe, jina lake linaandikwa mara mbili, mwanzoni kama mwandishi na baada ya «Katika» kama mhariri. Ukitumia sura mbili za kitabu kimoja, kila moja inapata ingizo lake kamili.

Lakini kitabu kilichoandikwa chote na mtu mmoja hakihitaji haya. Orodhesha kitabu kizima, kisha taja sura ndani ya matini: (Mwandishi, 2018, sura ya 3).

Ukiambiwa utumie MLA, usinakili mpangilio huu: huko mwaka unakuja baada ya mchapishaji, na kurasa zinafuata mwaka.