Adhabu ya kuvunja amana: kinachopotea hasa, na lini mkopo huwa nafuu

Imekuwa kawaida sasa kusikia mtu akisema kwamba ukivunja fiksidi kabla ya wakati benki "inakukata mtaji", na mwingine akamjibu kwamba ni heri kukatwa hivyo kuliko kukopa, kwa sababu riba ya mkopo daima ni kubwa kuliko riba ya amana. Sentensi ya kwanza ina ukweli kidogo uliokaa mahali pasipo pake. Ya pili ina hesabu iliyoishia njiani, nayo ndiyo huwagharimu watu fedha.

Maana yenyewe ni fupi. Fiksidi, yaani amana ya muda maalumu, ni fedha unazoikabidhi benki kwa kipindi mlichokubaliana, kwa mfano miezi 12, kwa riba ya juu kuliko ya akaunti ya akiba, kwa sharti kwamba hutazigusa hadi ziive. Adhabu ya kuvunja ni kile unachopoteza ukizitaka kabla ya siku hiyo, na imeandikwa kwenye masharti uliyotia saini, mara nyingi upande wa nyuma wa fomu ambao hakuna anayeusoma.

Katika benki nyingi za kwetu adhabu haiwi faini ya kiasi fulani. Benki hurudi nyuma na kukokotoa upya riba ya siku zote ambazo fedha zilikaa, kana kwamba tangu mwanzo ulikuwa umeziweka kwenye akaunti ya akiba. Nyingine hazilipi riba hata kidogo. Anayesoma kurasa za Marekani atakuta utaratibu tofauti, ambapo adhabu hutajwa kwa siku za riba, tuseme siku 90 au 180, na mtu akivunja mapema mno, kabla riba hiyo haijafika, upungufu hutolewa kwenye mtaji. Nadhani sehemu ya hofu ya kukatwa mtaji imetoka huko.

Sehemu nyingine ina chanzo cha hapa hapa. Chukua amana ya shilingi milioni 10 kwa miezi 12, riba ya asilimia 10 kwa mwaka, Tanzania, ambako kodi ya zuio kwenye riba ya mkazi ni asilimia 10. Ikifika mwisho italeta riba ya milioni moja, serikali itachukua laki moja, nawe utabaki na 900,000, yaani 75,000 kwa kila mwezi. Tuseme ulichagua kulipwa riba kila mwezi, na baada ya miezi 8 umeshapokea 600,000 na kuzitumia. Unavunja. Benki inakokotoa upya kwa riba ya akiba ya asilimia 2, inaona kwamba baada ya kodi ulistahili 120,000 tu, na zile 480,000 za ziada haina pa kuzitoa isipokuwa kwenye milioni 10 zako. Unakabidhiwa 9,520,000, na ukitoka pale mlangoni utaapa kwamba mtaji umekatwa. Jumlisha hata hivyo na zile 600,000 ulizokwisha kula, utapata 10,120,000, sawasawa na mwenzako ambaye riba yake ilikuwa ilipwe mwishoni. Mtaji haukuguswa, kilichorudishwa ni riba uliyolipwa kabla hujaimiliki kikamilifu. Jambo moja tu la kuulizia hapo ni kama benki hurudisha riba kabla ya kodi au baada ya kodi, kwa kuwa ikirudisha ile ya kabla ya kodi, utakuwa umelipia kodi riba ambayo hukubaki nayo.

Sasa tuje kwenye swali la kuvunja au kukopa, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mfikirie mfanyabiashara wa vitenge mwenye amana hiyo hiyo, riba ikilipwa mwishoni. Mwezi wa 8 umekwisha, mzigo wake uko bandarini, na anahitaji milioni 4 kuutoa. Benki inampa njia mbili. Ya kwanza ni kuvunja, na kwa kawaida amana huvunjwa yote, si kipande cha milioni 4. Ya pili ni mkopo kwa dhamana ya amana yenyewe: benki inaizuia amana isitolewe, inamkopesha kwa riba iliyo juu kidogo ya ile inayomlipa, tuseme asilimia 13, na ada ya kushughulikia mkopo ya asilimia 1. Mkopo wote na riba yake vitalipwa kwa mkupuo siku amana itakapoiva.

Mshauri wa kijiweni atasema: asilimia 13 ni zaidi ya 10, vunja. Kosa ni kwamba analinganisha viwango viwili vinavyofanya kazi juu ya fedha tofauti na kwa nyakati tofauti. Ile asilimia 13 inatozwa juu ya milioni 4 tu, na kwa miezi 4 iliyosalia tu. Kuvunja kunafuta riba ya milioni 10 zote, na kunafuta miezi 8 iliyopita.

Tuone kwa shilingi, tukilinganisha alichonacho siku ile ile, mwisho wa mwezi wa 12. Akivunja anapata 10,120,000, anatoa milioni 4, anabaki na 6,120,000. Tuseme anaziweka upya kwa miezi 4 kwa asilimia 6, kwa kuwa muda mfupi hulipwa kidogo. Baada ya kodi zitaongeza takriban 110,000, na mwisho wa mwaka atakuwa na kama 6,230,000. Akikopa, riba ya mkopo ni takriban 173,000 na ada ni 40,000, jumla 213,000. Amana inaiva ikiwa 10,900,000. Toa milioni 4 na gharama hizo, anabaki na kama 6,687,000. Mkopo uliosemwa kuwa ghali umemwachia zaidi ya laki nne na nusu.

Hata mkopo wa kawaida usio na dhamana hiyo ungemshinda aliyevunja. Kwa asilimia 18, na ada na bima ya mkopo zikifika asilimia 3 kwa pamoja, angelipa gharama ya 360,000 na kubaki na 6,540,000. Lakini usilipeleke hilo mbali: mikopo ya simu yenye ada ya asilimia 9 kwa mwezi, ikikopwa na kukopwa tena miezi yote 4, ingemgharimu 1,440,000, na hapo kuvunja kungekuwa busara.

Basi je, kukopa ni bora daima? Hapana, na hapa ndipo wale wanaojua nusu ya hesabu hii nao hupotea. Mrudishe mfanyabiashara wetu mwisho wa mwezi wa kwanza. Riba anayoipoteza kwa kuvunja ni ya mwezi mmoja tu: angestahili 75,000, anapewa 15,000, hasara ni 60,000. Anatoa milioni 4 na kuziweka upya 6,015,000 zilizobaki kwa miezi 11, tuseme kwa asilimia 10 ile ile, na mwisho wa mwaka ana takriban 6,511,000. Akikopa milioni 4 kwa miezi 11 atalipa riba ya karibu 477,000 na ada ya 40,000, na kubaki na kama 6,383,000. Kuvunja kumemwokolea zaidi ya laki moja na ishirini.

Kinachogeuza jibu ni tarehe. Gharama ya kuvunja huanza sifuri na kupanda kadiri siku zinavyopita, kwa sababu riba ya kupoteza inazidi kulimbikana. Katika mfano wetu ni 60,000 kwa kila mwezi uliokwisha. Gharama ya mkopo huenda kinyume, inashuka kadiri siku ya kuiva inavyokaribia, na gharama yake halisi si asilimia 13 nzima, kwa kuwa zile milioni 4 bado zimo ndani ya amana zikikuletea asilimia 9 baada ya kodi. Unacholipa hasa ni pengo la asilimia 4, ambalo kwa milioni 4 ni kama 13,300 kwa kila mwezi uliosalia, pamoja na ada. Gharama hizo mbili hukutana kabla mwezi wa tatu haujaisha. Kabla ya hapo, vunja. Baada ya hapo, kopa.

Kiasi unachohitaji nacho husogeza mahali pa kukutana. Akihitaji milioni 9 badala ya 4, pengo linakuwa 30,000 kwa mwezi na ada 90,000, na mizani inasawazika mwisho wa mwezi wa tano. Ni jambo la kueleweka: mwenye shida ndogo akivunja amana kubwa anapoteza riba ya fedha ambazo hata hakuzihitaji, wakati mwenye shida inayokaribia amana nzima hana kikubwa cha kuokoa. Akihitaji zote, swali hufa lenyewe, kwa maana benki haikopeshi asilimia 100 ya amana inayoishika. Huacha sehemu ya kufunika riba ya mkopo.

Ofisa wa benki anaweza kukujibu maswali yanayobadilisha hesabu hii kwa dakika chache: riba ya kuvunja ni ipi, sifuri au ya akiba, je, amana inaweza kuvunjwa sehemu, na riba ya mkopo inatozwa juu ya salio linalopungua au juu ya kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho. Hili la mwisho halina uzito kwenye mkopo unaolipwa kwa mkupuo, lakini kwenye mkopo wa marejesho ya kila mwezi, asilimia 13 juu ya kiasi chote ni ghali sana kuliko inavyosikika.

Angalia pia tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha amana. Kama ulikubali ijirudie yenyewe ikiiva, basi mtu aliyeweka fedha miezi 14 iliyopita yuko mwezi wa pili wa kipindi kipya. Riba ya mwaka wa kwanza imeshakuwa yake na kwa kawaida haiguswi, hivyo anachopoteza kwa kuvunja leo ni ya miezi miwili tu. Huyo akiambiwa na rafiki yake kwamba amana ya mwaka mzima na zaidi haivunjwi, ni vyema amjibu kwa upole kwamba benki inahesabu tangu ilipojirudia.