Dakika ya kwanza kwenye simu ya mchujo: nipe mistari miwili ya kumpelekea meneja

Kazi yangu ni kuchuja waombaji kwa simu kabla hawajafika kwa meneja anayeajiri, na leo naongelea sehemu moja tu, pale nikishasema "haya, jitambulishe kidogo". Kuna watu wazuri kabisa wanapotelea hapo hapo, afu wanakaa wiki tatu wanasubiri simu ya pili na haiji.

Kwanza ujue upande wangu kukoje. Siku ya mchujo nakuwa na majina kama 12 hivi, kila mmoja dakika 10, na mbele yangu kuna fomu ambayo lazima ijae: anafanya kazi gani sasa hivi, ameifanya miaka mingapi, vile vigezo viwili vitatu vya lazima anavyo au hana, anaishi wapi, anaweza kuanza lini, anataka mshahara kiasi gani. Tukishaagana naandika mistari miwili ya kumwelezea, naituma kwa meneja pamoja na sivii yake. Meneja hajasikia sauti yako, anasoma hiyo mistari miwili ndio anasema huyu mlete, huyu muache kwanza. Kwa hiyo wakati unajitambulisha mimi nasikiliza huku naitafuta hiyo mistari, na usiponipa itabidi niiokoteze mwenyewe kwenye maneno yako.

Nitoe mfano wa dada mmoja wa Mwanza, nafasi ilikuwa ya mhasibu msaidizi kwa msambazaji wa bidhaa hapa Dar, na tangazo lilisema wazi kwamba kazi kubwa ni kufuatilia wadaiwa. Nikamwambia ajitambulishe, akaanza: "Asante kaka, kwa majina kamili naitwa fulani, nimezaliwa Sengerema, ni mtoto wa tatu kati ya watano, elimu ya msingi nimesoma..." akaenda sekondari, akaenda chuo, akataja na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, akamalizia kwamba ni mchapakazi, anajituma na anaweza kufanya kazi chini ya presha. Nikaangalia saa, dakika 2 na nusu zimeshapita na kwenye fomu yangu sijajaza hata kiboksi kimoja, maana shule zote ziko kwenye sivii ambayo niko nayo mezani, na "najituma" siwezi kumwandikia meneja kwa sababu wote 12 wamesema hivo hivo.

Sasa ikabidi nimuulize "kwa hiyo sasa hivi unafanya nini hasa?" Hilo swali lishike, maana ukilisikia baada ya kujitambulisha ujue utambulisho haukufika, bado nakutafuta. Ukiulizwa kitu cha ndani, mfano "hao wadaiwa unawafuatilia kwa utaratibu gani", hapo ujue umefika na tunaongea kazi.

Alipojibu ndio nikakaa vizuri kwenye kiti. Kumbe yuko kwenye duka la jumla la vinywaji mwaka wa 4, anasimamia wateja wa mkopo kama 140, ritani ya VAT anaiandaa yeye na inaingia TRA kabla ya tarehe 20 kila mwezi, na kila asubuhi analinganisha mauzo ya jana na pesa zilizoingia lipa namba na benki. Zamani tofauti zilikuwa zinakaa mpaka mwisho wa mwezi ndio zinaanza kutafutwa, yeye akaanzisha kuzifunga ndani ya siku 2. Yote hayo alikuwa nayo, ila aliyaweka nyuma ya Sengerema.

Tulipomaliza nikamwambia ukweli, nikamuomba ajitambulishe upya kana kwamba ndio nimepiga. Tukapanga pamoja ikatoka hivi:

"Naitwa fulani, ni mhasibu msaidizi, nina miaka 4 kwenye duka la jumla la vinywaji hapa Mwanza. Nasimamia wadaiwa kama 140, naandaa ritani ya VAT, na natumia Tally. Kila asubuhi nalinganisha mauzo na pesa za lipa namba na benki, tofauti zilikuwa zinakaa mwezi mzima, sasa zinafungwa ndani ya siku 2. Nimeomba kwenu kwa sababu tangazo linasema kazi kubwa ni wadaiwa, na ndiyo ninayoifanya zaidi. Niko tayari kuhamia Dar, notisi yangu ni siku 28."

Hiyo ukiisoma taratibu haifiki dakika moja. Angalia mpangilio wake, cheo na miaka vimetangulia kwa sababu ndivyo naandika kwanza, afu kazi yenyewe kwa maneno yale yale ya tangazo, afu kitu kimoja tu alichokibadilisha, kimoja kinatosha, ukileta vitano nitakumbuka cha mwisho. Sababu ya kuomba inagusa tangazo lenyewe. Mwisho lini na wapi. Mshahara hakuutaja na alifanya vizuri, huo nitauliza mwenyewe.

Hapo kwenye notisi watu wanajiharibia sana. Mtu ana kazi afu ananiambia "naweza kuanza hata kesho", anadhani ananifurahisha, kumbe naandika pembeni kwamba anaweza kuondoka bila kuaga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ukishavuka mwezi wa kwanza kazini, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi, kwa hiyo usome kabla simu haijaja na useme namba iliyopo. Kama huna kazi kwa sasa sema tu mkataba uliisha mwezi fulani, sentensi moja, uendelee. Na kama ndio umemaliza chuo, weka fildi pale miaka ingekaa: ulikuwa ofisi ya aina gani, wiki ngapi, na ulishika kazi ipi kwa mkono wako.

Usiisome kwenye karatasi, kwenye simu sauti ya kusoma inasikika inakuwa bapa, na kwenye vidio macho yanaonekana yanatembea. Andika maneno matano tu pembeni, cheo, miaka, kazi, sababu, lini. Halafu jina lako usiliseme sekunde ile ile umepokea, kwenye simu za watsapu hasa sauti inachelewa kuunganika na neno la kwanza linakatika, anza na "halo, nakusikia vizuri", ndio utaje jina.

Ukimaliza kusema, nyamaza. Utasikia kimya au sauti ya kibodi, hapo naandika, na watu wengi wanaogopa hicho kimya wanaanza kuongeza "pia napenda kusafiri, pia ni mcha Mungu" na ninaacha kuandika ili niwasikilize.

Na simu ikikukuta kwenye daladala usijitambulishe huko huko ukipiga kelele. Sema "samahani kaka, niko barabarani, naomba unipigie baada ya dakika 20 nitakuwa sehemu tulivu". Nakuhamisha mbele kwenye orodha nampigia anayefuata, sikuondoi, ila nikikupigia tena hizo dakika 20 zikiisha, pokea.