Kondensa ya mashine ya kukaushia nguo: tangi la maji, kibadilisha joto, na dalili za kupuuzwa

Katika mashine ya kukaushia nguo, kondensa ni sehemu inayoupoza mvuke uliotoka kwenye nguo mpaka ugeuke tena kuwa maji. Mashine ya aina hii haina bomba la kutolea hewa nje ya nyumba. Hewa iliyopashwa moto na heta huingia kwenye pipa lenye nguo, hubeba unyevu, hupita kwenye chujio la mlangoni linalonasa nyuzi, kisha huingia kwenye kibadilisha joto, ambako hupoa na kuacha maji yake, halafu hurudi kwenye heta kuanza mzunguko mwingine. Kibadilisha joto hicho ndicho watu wengi hukiita chujio la chini, na jina hilo limewapotosha, kwa sababu kazi yake si kuchuja. Nyuzi zinazokutwa humo ni zile zilizolipita chujio la mlangoni, nazo hazikutakiwa kufika hapo.

Ukikitoa na kukishika mkononi, utaona pande la bati jepesi lenye matundu membamba pande zote, nalo lina njia za aina mbili zilizokingamana. Katika njia moja hupita hewa ya moto kutoka kwenye nguo, na katika nyingine hupita hewa ya chumbani inayovutwa na feni ili kuzipoza kuta zinazotenganisha njia hizo. Hewa hizi mbili hazichanganyiki. Ni jambo lilelile linalotokea kwenye kifuniko cha sufuria ya wali: mvuke wa ndani hugusa bati lililopozwa na hewa ya nje, ukageuka matone. Matone ya kwenye mashine huteremka hadi kwenye kibakuli kilicho sakafuni mwake, na kutoka hapo pampu ndogo huyapandisha kwenye tangi, ambalo kwa mashine nyingi huchomolewa kama droo upande wa juu.

Huku Mbeya, mashine hizi hupata kazi nzito kuanzia Novemba mvua zinapoanza, na tena Juni na Julai, wakati shuka lililoanikwa asubuhi huanuliwa jioni likiwa bado na ubaridi wa maji. Nina nyumba ndogo ya wageni upande wa Uyole, na mashine yetu ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, bila kitabu cha maelekezo. Kwa miezi kadhaa msichana wetu wa usafi alimwaga tangi kwa uaminifu na kusafisha chujio la mlangoni, lakini hakuna aliyejua kwamba nyuma ya kile kifuniko kidogo cha chini kuna kitu cha kuoshwa. Mzunguko wa mashuka uliokuwa ukichukua chini ya saa 2 ukafika karibu saa 3, na madirisha ya chumba cha kufulia yakaanza kutiririka maji. Fundi aliyekuja aliweka kiganja juu ya mashine, akasema, "Mama, heta hii imechoka, tubadilishe." Heta haikuwa na tatizo lolote, na mizani ndiyo iliyolionyesha hilo.

Njia hiyo naieleza kwa kirefu, kwa kuwa haihitaji ufundi na haitoi jibu la kubahatisha. Tulipima mashuka na taulo vikiwa vikavu, tukapata kilo 6. Baada ya kufuliwa na kukamuliwa vilikuwa na kilo 9.6, maana yake vilibeba kilo 3.6 za maji, ambazo ni sawa na lita 3.6. Kiasi hicho ni cha kawaida, kwa sababu nguo za pamba zilizokamuliwa kwa mizunguko 1,000 kwa dakika hubaki na maji yanayokaribia asilimia 60 ya uzito wake mkavu. Tulimwaga tangi hadi likawa tupu kabisa, tukakausha, tukapima tena. Mashuka yalirudi kwenye kilo 6, lakini kwenye tangi mlikuwa na lita 1.9 tu.

Lita 1.7 zilizokosekana hazikupotea. Zilikuwa ukutani, kwenye vioo na kwenye dari ya chumba. Mashine nzima ya kondensa hukusanya kwenye tangi sehemu kubwa ya maji iliyoyatoa kwenye nguo, kwa kawaida asilimia 80 au zaidi, na kidogo huvuja kama mvuke. Yetu ilikuwa ikikusanya zaidi kidogo ya nusu. Kama kasoro ingekuwa heta pekee, hewa isingepata moto wa kutosha, nguo zingebaki baridi na mbichi, na chumba kisingejaa mvuke. Sisi tulikuwa na mvuke tele na nguo za moto sana zisizokauka haraka, na hali hiyo huashiria kwamba mvuke unatoka kwenye nguo lakini haupozwi, au unapenya pembeni kabla ya kufika kwenye kipoozeo.

Tulizima mashine, tukachomoa plagi, tukasubiri nusu saa ipoe. Nyuma ya kifuniko cha chini mlikuwa na vishikizo viwili vya kuzungusha. Ukivigeuza, kibadilisha joto huachia na kuvutwa nje kama mkate kutoka kwenye tanuri. Weka kitambaa sakafuni kabla hujakivuta, kwa kuwa hutoka kikiwa na maji. Kwenye uso wa mbele wa kile chetu kulikuwa na tabaka la kijivu linalofanana na blanketi kuukuu lililoloa, na lilipobanduliwa kwa vidole lilitoka vipande vipana kama kiganja. Upande wa pili, ule wa hewa ya chumbani, haukuwa na nyuzi bali vumbi jekundu la barabarani, lile la kiangazi cha Septemba na Oktoba, lililoganda kama udongo. Upande huu ndio wengi huusahau. Mtu huosha njia ya nyuzi ikang'aa, akairudisha, kisha akashangaa kwa nini hakuna mabadiliko, ilhali hewa ya kupoza bado haipiti.

Kukiosha kunataka maji mengi na subira. Kisimamishe wima bombani au tumia mpira wa maji wa bustani kwa nguvu ya wastani, upitishe maji kwenye matundu ya urefu hadi yatoke meupe upande wa pili, kisha ukigeuze na kufanya vivyo hivyo kwa matundu ya upana. Maji ya vuguvugu yanatosha. Usichokonoe kwa kisu, msumari wala brashi ngumu, kwa sababu kuta za ndani ni nyembamba sana, na moja ikitoboka, hewa yenye unyevu itavuja kila siku bila dawa isipokuwa kununua kingine. Kiache kichuruzike vizuri kabla ya kukirudisha.

Wakati kinachuruzika, shughulikia tundu kilimotoka. Futa nyuzi zilizobaki humo kwa kitambaa chenye unyevu, na zaidi ya yote pangusa mpira unaozunguka uso wa kibadilisha joto na mdomo wa tundu lake. Mpira huo ukibaki na uzi au mchanga, hautakaa sawasawa, na mvuke utapita pembeni hata kama pande lenyewe ni safi. Kosa hilohilo hutokea pale kinaporudishwa juu chini, au vishikizo visipogeuzwa hadi mwisho. Siku ya kwanza sisi tulikosea kwa kishikizo kimoja, na dakika 10 baadaye kifuniko cha chini kilikuwa na matone kwa nje.

Tulipopima tena kwa mashuka yaleyale, tangi lilitoa lita 3.2 kati ya 3.6, na mzunguko ukachukua saa 1 na dakika 45. Tangu hapo tunakiosha kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa mashine yetu hufanya kazi kila siku. Kwa familia inayokausha mara mbili tatu kwa wiki, mara moja kwa mwezi hutosha, ilimradi chujio la mlangoni lisafishwe kila baada ya mzunguko. Chujio hilo nalo lina ujanja wake: dawa ya kulainisha nguo huacha utando usioonekana kwenye wavu. Mimina maji kidogo juu yake. Yakituama badala ya kupita, lisugue kwa brashi laini na maji ya moto kiasi.

Tangi lina kanuni fupi: limwagwe baada ya kila mzunguko. Mengi hubeba lita 4 hadi 6, na mzigo mkubwa wa pamba unaweza kulijaza kwa mara moja. Likijaa, maji hurudi kwenye kibakuli cha chini, boya huelea, na mashine husimama ikiwasha taa ya tangi. Lirudishe kwa kulisukuma hadi ligote, kwa sababu lisipogota, maji ya pampu hayataingia humo. Maji yake si ya kunywa, kwa kuwa yana nyuzi na mabaki ya sabuni, lakini yanafaa kwa kupigia deki. Yakianza kunuka au tangi likawa na utelezi, lisuuze kwa maji ya moto na siki kidogo.

Dalili moja inastahili kutazamwa kwa makini zaidi: taa ya tangi kuwaka wakati tangi ni tupu. Hapo nyuzi zimeteremka hadi kwenye kibakuli, zikalinasa boya au kuziba pampu. Toa kibadilisha joto, utoe kwa mkono nyuzi unazoziona, lakini kama maji bado yamesimama humo, kazi hiyo ni ya fundi. Harufu ya kuungua, au mashine kujizima yenyewe katikati ya kazi ikiwa ya moto sana, ni sababu ya kuchomoa plagi na kutoitumia tena hadi ifunguliwe, kwa kuwa nyuzi kavu zilizo karibu na heta hushika moto.

Baridi nayo ina mpaka wake. Hewa ya chumba yenye ubaridi husaidia kupoza mvuke, lakini mashine nyingi hazikutengenezwa kwa chumba chenye chini ya nyuzi 5 za joto. Kwa Makete na sehemu za Njombe, ambako umande huganda usiku wa kipupwe, maji yaliyobaki kwenye pampu yanaweza kuganda; usiiweke kwenye banda la nje.

Maelezo haya ya kuosha kwa bomba hayahusu mashine zinazotumia pampu ya joto. Hizo zina mapezi ya alumini yasiyochomolewa, yanayopinda kwa kuguswa tu. Husafishwa kwa brashi laini kufuata mwelekeo wa mapezi, na sponji iliyo mbele yake ndiyo huoshwa. Ukifungua kifuniko cha chini na kukuta hakuna kishikizo cha kuzungusha, usivute kitu chochote kwa nguvu.

Namba zetu, yaani 6, 9.6 na 3.2, zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine. Fundi akija, huanza kwa kuzisoma, kisha huomba ndoo na mizani.