Alificha kisukari, akagongwa na gari: kwa nini bima hailipi?

"Mume wangu alikufa kwa ajali, si kwa kisukari. Kwa nini bima wanakataa kulipa kwa sababu ya kisukari?"

Kwa sababu kinachotazamwa ni siku aliyosaini fomu ya maombi. Siku ile kampuni ilikuwa inaamua imkubali au imkatae, na kama itamkubali, kwa ada ya kiasi gani. Ugonjwa alioufahamu mwombaji peke yake ndio ungebadilisha hesabu hiyo. Kanuni hii ilitamkwa na Jaji Mansfield wa Uingereza mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm, nasi tumeirithi pamoja na sheria za kikoloni: anayeomba bima anajua habari zake, anayeitoa hajui, kwa hiyo mwombaji aseme.

Tuchukue mfano wa fundi wa Mbagala. Amekata bima ya maisha ya shilingi milioni 20, ada 40,000 kwa mwezi. Fomu imeuliza: "Umewahi kutibiwa kisukari?" Ameweka alama kwenye "Hapana", na huku ana kadi ya kliniki ya miaka miwili, mihuri ya kila mwezi, kipimo cha sukari kimeandikwa kwa kalamu ya buluu. Baada ya miezi 14 anagongwa akivuka barabara pale Rangi Tatu. Mjane anapeleka dai, kampuni inaomba rekodi za hospitali, kadi inaonekana. Mkataba unafutwa tangu mwanzo, kana kwamba haukuwahi kuwepo, na mkataba usiokuwepo haulipi hata ajali. Kwa kawaida ada zake 560,000 hurudishwa, ila ikithibitika alidanganya kwa makusudi anaweza kuzikosa pia.

Naona ni adhabu nzito mno kwa mjane ambaye hakusaini chochote. Uingereza wenyewe walilegeza kanuni hii kwa wateja wa kawaida kwa sheria ya mwaka 2012.

Wengine humwambia mjane kuwa tatizo ni maslahi ya bima, yaani uhusiano unaompa mtu haki ya kukatia bima maisha fulani. Sivyo. Kila mtu ana maslahi katika maisha yake mwenyewe, mke na mume wanayo kwa mwenzao, na anayekudai anayo kwa kiasi cha deni. Jirani tu hana. Fundi alijikatia mwenyewe, hapo hakuna kasoro.

Penye hoja ni kwingine. Mtu hawezi kuficha asichokijua: kama kisukari kiligunduliwa baada ya kusaini, hakuficha kitu. Na kampuni iliyojua habari hiyo ikaendelea kupokea ada, kisheria huhesabiwa imeukubali mkataba. Kwa hiyo mama, omba nakala ya fomu, uilinganishe na tarehe ya kwanza kwenye kadi. Tazama pia mwandiko. Kama wakala ndiye aliyejaza "Hapana" ilhali mumeo alimwambia ukweli, sahihi ya mumeo itakuwa kikwazo, lakini hoja hiyo inafaa kufikishwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na shahidi yeyote aliyekuwepo fomu ikijazwa.