FIFO, wastani wa gharama na faida wakati bei zinapanda: dhana potofu na ukweli

Muulize yeyote aliyesomea uhasibu kidogo tofauti ya njia hizi mbili za kuhesabu gharama ya bidhaa zilizouzwa, atakujibu bila kusita: bei zikipanda, FIFO, yaani cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka, hutoa faida kubwa na wastani wa gharama hutoa faida ndogo. Jibu hilo lina ukweli, lakini limekatwa katikati. Wanaolibeba hivyo hivyo huja kushangaa mahesabu yao yanapowaonyesha kinyume, na bei bado zinapanda.

Tutumie mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Biashara inauza bidhaa ya aina moja, kila yuniti kwa 100. Inaanza mwaka ikiwa na yuniti 100 zilizonunuliwa kwa 48 kila moja, jumla 4,800. Inanunua yuniti 200 kwa 60, jumla 12,000, kisha inauza 150. Baadaye inanunua yuniti 100 kwa 76, jumla 7,600, kisha inauza 150 nyingine. Kwa hiyo zilikuwepo yuniti 400 zilizogharimu 24,400. Zimeuzwa 300 kwa jumla ya 30,000, zimebaki 100.

Kazi yote ya mhasibu hapa ni kuigawa ile 24,400 mafungu mawili: fungu la yuniti zilizouzwa na fungu la zilizobaki stoo. Hakuna fungu la tatu.

Dhana: FIFO inataka mzigo wa zamani utoke stoo kwanza

FIFO ni utaratibu wa kuhesabu gharama tu. Mtunza stoo anaweza kutoa yuniti zilizoingia jana, na mhasibu bado akaandika kwamba zilizouzwa ni zile za 48 na za 60. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu stoki, IAS 2, kinaruhusu FIFO na wastani kwa bidhaa zinazofanana kiasi kwamba moja inaweza kushika nafasi ya nyingine. Bidhaa zisizobadilishana hivyo, kama mashine iliyotengenezwa kwa oda ya mteja mmoja, hupewa kila moja gharama yake halisi.

Kwenye mfano wetu, FIFO inazipa yuniti 300 zilizouzwa gharama za mwanzo: 4,800 na 12,000, jumla 16,800. Faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama hiyo, ni 13,200. Zilizobaki ni zile za 76, kwa hiyo stoki ya mwisho ni 7,600.

Dhana: wastani ni kujumlisha bei na kugawanya kwa idadi ya bei

Kosa hili ni la kawaida sana kwenye majedwali ya kompyuta yanayotengenezwa kwa haraka. Mtu anachukua 48, 60 na 76, anagawanya kwa tatu, anapata 61.33. Amesahau kwamba bei ya 60 ilinunua yuniti 200 wakati bei nyingine zilinunua 100 kila moja. Uzani ndio huo: kila bei ihesabiwe kwa wingi wa yuniti zake. Wastani sahihi ni 24,400 kugawanya kwa 400, ambao ni 61.

Tofauti ya 61 na 61.33 inaonekana ndogo, lakini kosa linajifichua lenyewe. Ukizidisha 61.33 kwa yuniti 400 unapata zaidi ya 24,500, ilhali ankara zote pamoja na stoki ya mwanzo zinafika 24,400 tu. Gharama ya zilizouzwa ukijumlisha na stoki ya mwisho lazima irudi kwenye gharama ya vyote vilivyokuwepo. Isiporudi, usiendelee mbele.

Kwa wastani wa 61, gharama ya mauzo ni 18,300, faida ghafi ni 11,700 na stoki ya mwisho ni 6,100.

Dhana: wastani ni mmoja tu

Hapa ndipo watu wawili wanaofuata "wastani wa gharama" hupata majibu tofauti na kila mmoja akadhani mwenzake amekosea. Ile 61 imepatikana kwa kungoja mwaka uishe, kisha kukokotoa mara moja. Mifumo mingi ya kompyuta haingoji. Inakokotoa wastani upya kila mzigo unapoingia, na mauzo yanayofuata yanabeba wastani wa wakati huo.

Tufuate hatua hizo. Baada ya ununuzi wa kwanza zipo yuniti 300 za 16,800, wastani 56. Yuniti 150 zinauzwa kwa gharama ya 8,400, zinabaki 150 za 8,400. Ununuzi wa 7,600 unaingia, sasa zipo 250 za 16,000, wastani 64. Yuniti 150 za mwisho zinagharimu 9,600. Gharama ya mauzo kwa mwaka mzima ni 18,000, faida ghafi 12,000, stoki ya mwisho 6,400.

Njia zote mbili za wastani ni sahihi. Wastani unaosogea umetoa faida kubwa kidogo kwa sababu mauzo ya awali hayakubebeshwa bei ya 76 ambayo ilikuwa bado haijafika. FIFO haina mgogoro huu: uhesabu kila mauzo yanapotokea au usubiri mwisho wa mwaka, jibu ni lile lile.

Dhana: maadamu bei zinapanda, FIFO itatoa faida kubwa kila mwaka

Hii ndiyo dhana inayostahili muda wetu zaidi. Mwaka wa kwanza FIFO imeipita njia ya wastani wa mwisho wa mwaka kwa 1,500: faida 13,200 dhidi ya 11,700. Sasa tazama stoki za mwisho: 7,600 dhidi ya 6,100. Tofauti ni 1,500 ile ile. Mauzo ni yale yale na ununuzi ni ule ule, kwa hiyo faida ya ziada ya FIFO haina pa kutoka isipokuwa kwenye thamani kubwa zaidi iliyoandikwa kwa mzigo ulioko stoo.

Na stoki ya mwisho ya mwaka huu ndiyo stoki ya mwanzo ya mwaka ujao. Mwaka wa pili biashara inanunua yuniti 200 kwa 80, jumla 16,000. Bei imepanda tena. Inauza yuniti zote 300 kwa 100 na stoo inabaki tupu. Kwa FIFO, gharama ya mauzo ni 7,600 na 16,000, yaani 23,600, na faida ni 6,400. Kwa wastani, gharama ni 6,100 na 16,000, yaani 22,100, na faida ni 7,900.

Bei zimepanda, na FIFO imetoa faida ndogo. Jumlisha miaka yote miwili: 13,200 na 6,400 ni 19,600, 11,700 na 7,900 ni 19,600. Faida ya jumla haikubadilika hata senti. Kilichobadilika ni mwaka ambao faida ilionekana.

Kanuni inayofaa kushikwa, basi, ni hii: tofauti ya faida ya mwaka kati ya njia hizi ni tofauti ya stoki za mwisho ukitoa tofauti ya stoki za mwanzo. Mwaka wa kwanza stoki ya mwanzo ilikuwa sawa kwa njia zote, tofauti ya mwisho ikawa 1,500, FIFO ikaongoza. Mwaka wa pili tofauti ya mwanzo ilikuwa 1,500 na ya mwisho sifuri, FIFO ikarudi nyuma kwa kiasi hicho hicho. FIFO itaendelea kuongoza pale tu pengo kati ya thamani mbili za stoki linapozidi kupanuka. Pengo likikaa palepale, faida za mwaka huo zinalingana. Likipungua, iwe kwa sababu mzigo umemalizwa au kwa sababu bei zinapanda polepole kuliko zamani, wastani ndio unaotoa faida kubwa.

Kwa sababu hiyo pia, biashara ambayo mzigo wake haukai stoo hata wiki mbili huona tofauti ndogo mno. Bei ya mzigo uliobaki na wastani wake hazijapata muda wa kuachana.

Dhana: faida kubwa ya FIFO ni pesa ya ziada

Rudi mwaka wa kwanza, uhesabu fedha badala ya faida. Tuseme mauzo na ununuzi wote ni taslimu. Ziliingia 30,000 na zilitoka 19,600 za ununuzi. Zimebaki 10,400, uwe mfuasi wa FIFO au wa wastani. Mwenye biashara anayesoma faida ya 13,200 na kutaka kuitoa yote atakuta fedha hazitoshi, kwa sababu sehemu yake imekaa stoo ndani ya mzigo ulioandikwa 7,600.

Kuna jambo zito zaidi. Yuniti 300 zilizouzwa zikitakiwa kurejeshwa kwa bei ya mwisho ya 76, zitahitaji 22,800. FIFO imezihesabu kuwa zimegharimu 16,800. Kwa hiyo katika faida ya 13,200, kiasi cha 6,000 tayari kina kazi yake: ni gharama ya kuirudisha biashara pale ilipokuwa. Wengi husikia hoja hii wakahitimisha kwamba wastani ndio unaolinda mtaji. Unapunguza tatizo, hauliondoi. Fungu lake la gharama, 18,300, linanunua yuniti 240 tu kwa bei ya 76. La FIFO linanunua 221. Hakuna linalofika 300. Anayepanga gawio wakati bei zinapanda akokotoe gharama ya kununua upya pembeni, njia yoyote anayotumia.

Kodi ndiyo mahali hasa ambapo uchaguzi wa njia unagusa fedha taslimu. Tuseme kiwango ni asilimia 30 na hakuna gharama nyingine: tofauti ya faida ya 1,500 inamfanya anayetumia FIFO alipe 450 zaidi mwaka wa kwanza, na 450 pungufu mwaka wa pili. Ni suala la lini, na kwa biashara yenye uhaba wa fedha, lini ni jambo kubwa. Njia zinazokubaliwa kwa kodi huwekwa na sheria ya nchi husika.

Dhana: unaweza kuhama njia kulingana na faida unayoitaka

Chini ya viwango vya kimataifa, bidhaa za asili na matumizi yanayofanana lazima zitumie njia moja. Kubadili kunaruhusiwa iwapo kiwango chenyewe kinataka hivyo, au iwapo taarifa zitakuwa za kuaminika na zenye manufaa zaidi kwa wasomaji. Kwa kawaida takwimu za miaka iliyopita inayoonyeshwa hukokotolewa upya kana kwamba njia mpya ilitumika tangu awali. Anayelinganisha faida za biashara mbili aanze kwenye maelezo ya sera za uhasibu, ambako njia iliyotumika hutajwa, kisha aangalie stoki ilivyosogea kati ya mwanzo na mwisho wa mwaka.