Kumlilia mzazi angali hai, na bado kumpigisha soga

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa hapa Mwanza. Ninawatembelea nyumbani wagonjwa ambao saratani yao haitibiki tena, napunguza maumivu yao, na nakaa na wale wanaowauguza. Watoto wa wagonjwa huniita uani, mbali na dirisha la chumba, wakaniuliza swali lilelile: mbona nalia kana kwamba ameshakufa, na yeye yuko hapo ndani ananisubiri nimpelekee chai na habari za mjini? Wengine huuliza kwa hofu, kwa kuwa wameambiwa kulia mapema ni uchuro.

Si uchuro. Ni majonzi ya kabla ya msiba, na karibu kila anayemuuguza mzazi mwenye ugonjwa usiopona huyapata kwa kiasi fulani. Unalilia kifo kinachokuja, lakini unalilia pia vilivyokwisha kuondoka: baba aliyekuwa anatembea mwenyewe hadi mwaloni, mama aliyekuwa akikusahihisha namna ya kusonga ugali. Mwaka 1944 daktari wa akili Erich Lindemann wa Boston aliandika juu ya majonzi ya namna hii. Alisimulia habari za askari aliyerudi salama kutoka vitani akakuta mkewe hampendi tena na anadai talaka. Mke alikuwa amemwomboleza kwa muda mrefu kiasi kwamba alishamtoa moyoni, na mume aliporudi hakuwa na nafasi ya kukaa.

Nawasimulia familia habari hiyo kwa sababu inaonyesha hatari ilipo. Machozi hayamdhuru mgonjwa. Kinachomdhuru ni kuzikwa na watu wa nyumbani kwake kabla hajafa, na dalili zake huonekana mapema ukizitafuta. Binti anasema "baba alikuwa anapenda sato" na baba bado anampenda sato, ila sasa anakula kipande kidogo. Habari za shamba zinajadiliwa juu ya kitanda chake na hakuna anayemgeukia. Anaguswa wakati wa kuogeshwa tu.

Upande wa pili kuna uchangamfu wa kulazimisha, nao naukuta mara nyingi zaidi. "Utapona tu baba, usiwaze." Mtoto anayesema hivyo anampenda baba yake, lakini amemfunga mdomo. Mzazi naye, akiona mtoto anajikaza, anajikaza ili asimwumize. Miaka ya 1960 wanasosholojia Barney Glaser na Anselm Strauss waliliona jambo hili katika hospitali za California: mgonjwa anajua, ndugu wanajua, kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua, na wote wanaigiza. Nyumbani kwa watu wetu maigizo hayo yanachosha kuliko kumgeuza mgonjwa kitandani.

Nieleze kisa kimoja kwa kirefu. Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike.

Mzee alikuwa mvuvi wa dagaa upande wa Igombe. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Binti yake, anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, alirudi nyumbani kumuuguza. Alikuwa mchangamfu kwelikweli: kila asubuhi mnamo saa 3 na nusu aliingia chumbani na vituko vya sokoni, na zamani mzee angecheka hadi kukohoa. Halafu mzee akanyamaza. Akawa anageukia ukutani. Binti akaniambia, "Dada, baba amekata tamaa," naye usiku akawa halali, analia hadi alfajiri.

Mgonjwa anaponyamaza, kitu cha kwanza ninachouliza ni maumivu. Mzee alikuwa kwenye mofini ya maji ya kunywa, ambayo hufanya kazi kwa saa 4 hivi. Ratiba yake ilikuwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku kipimo mara mbili ili alale bila kuamshwa katikati. Binti alikuwa anaruka dozi ya saa 8 kwa kuogopa baba atazoea dawa. Na vituko vyake alivipeleka saa 3 na nusu, yaani wakati dozi ya alfajiri imekwisha nguvu na ya saa 4 haijaingia. Mtu ambaye mgongo unamchoma hawezi kucheka, hata kama msimuliaji ni mwanawe kipenzi.

Tulirudisha dozi ya saa 8. Nikamweleza kwamba mofini inayotolewa kwa kipimo sahihi kwa maumivu ya saratani haimgeuzi mzee kuwa teja, na kwamba kipimo hakiongezwi wala hakipunguzwi bila kuzungumza nasi. Nikauliza pia habari za choo, kwa maana mofini hufunga choo, na tumbo lililojaa siku kadhaa humnunisha mtu yeyote. Alihitaji dawa ya kulainisha choo kila siku, na alikuwa haipati. Kisha nikamwomba binti ahamishie soga zake saa 5, dawa ikiwa imeshakolea. Ndani ya siku chache mzee akaanza kujibu. Yale ambayo binti aliyaona kuwa kukata tamaa yalikuwa maumivu na tumbo.

Hapo ndipo tulipoweza kuzungumza juu ya uchangamfu wenyewe. Wengi hudhani kazi yao ni kumburudisha mgonjwa, yaani wao wanatoa na yeye anapokea. Mtu aliyeongoza mitumbwi miaka yote hiyo anachoka upesi kuburudishwa. Mjukuu wake mmoja alikuwa anaanza uvuvi, nikashauri akae na babu na kipande cha nyavu kilichochanika. Mzee akawa anamwelekeza fundo kwa fundo, na kumsuta kwa kutojua kwamba mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa hupumzika, kwa kuwa taa haziwavuti dagaa maji yakiwa meupe. Akamsimulia enzi za karabai, kabla ya hizi taa za sola. Babu na mjukuu ni watani, na utani una ruhusa ambayo mtoto wa kumzaa hana: mjukuu alimwambia babu yake kwamba akiondoka atamrithi bibi, na mzee akacheka kicheko ambacho binti hakuwa amekisikia kwa wiki nyingi. Kifo kilikuwa ndani ya mzaha ule, na hakuna aliyeumia.

Nasisitiza ufupi. Robo saa hadi nusu saa inamtosha mtu aliye dhaifu, kisha aachwe apumzike. Na wageni wanaotoka mbali, kwa huyu ni wale wa Sengerema, wapokelewe barazani na mtu mmoja aliyeteuliwa, wakalie huko kwanza kama kilio kimewabana. Kuingia chumbani na kilio kwa mtu aliye hai kunamwacha yeye awe wa kuwabembeleza.

Binti naye alihitaji pa kulilia. Alikuwa analia jikoni kwa dakika mbili, ananawa uso, anaingia chumbani amechangamka, na kilio kinamngoja usiku. Tulipanga kaka yake akae na mzee kila siku kuanzia saa 11 jioni hadi saa 12. Saa hiyo binti alienda kwenye mawe ya ufukweni, mara nyingine na shangazi yake, akalia bila haraka, akasema anachokiogopa. Kilio kilipopewa saa yake, usiku ulianza kumwachia usingizi. Hakikwisha, wala sikumwambia kitakwisha. Wako wanaofikiri ukilia vya kutosha sasa, msiba ukija utakuwa mwepesi. Utafiti hauonyeshi hivyo, na walio na majonzi mazito sana kabla ya kifo mara nyingi ndio wanaotaabika zaidi baadaye, kwa hiyo hao ndio ninaowafuatilia kwa karibu.

Machozi yakikushika mbele yake, usitoke mbio. Atajua, na atabaki peke yake na alichokijua. Sema tu, "Nimekuwaza baba, ndiyo maana machozi yananitoka," kisha ubaki umemshika mkono. Wazazi wengi hufarijika kuona wanapendwa kiasi hicho.

Siku moja mzee alimwambia, "Mama," maana binti alibeba jina la bibi yake, "mtumbwi wangu utabaki na nani?" Zamani angejibu, "Acha maneno hayo baba, utaingia ziwani mwenyewe." Safari hii aliuliza, "Wewe ungependa abaki nao nani?" Mzee akaeleza, akataja na deni dogo la mbao ambalo hakuna aliyelijua. Mazungumzo yalichukua kama dakika kumi. Halafu akauliza Pamba wamecheza na nani, na yakaendelea ya mpira. Watoto huogopa kwamba neno zito litaua furaha ya nyumba. Ninachokiona ni kwamba mzee aliyesikilizwa dakika kumi anacheka kwa wepesi jioni yake, kwa kuwa hana tena kitu cha kuficha.

Si kila mzazi anataka mazungumzo hayo. Uliza kwa upole, "Kuna jambo linakusumbua usiku?" Akijibu kwa habari za samaki, nenda naye kwenye samaki, uulize tena siku nyingine. Yeye ndiye anayeongoza.

Kuna wakati majonzi ya mtoto yanageuka sonona, na hapo kukaa ufukweni hakutoshi. Majonzi huja na kuondoka: unalia, kisha mtoto akifanya kituko unacheka, chakula kinapita. Sonona haikuachii. Kama kwa wiki 2 mfululizo karibu kila siku huoni raha kwenye chochote, unajiona huna thamani, huli wala hulali hata anapokuwepo wa kukupokea, nenda kituo cha afya uonane na mhudumu. Ukianza kuwaza kujitoa uhai, nenda leo, na mwambie mtu mmoja nyumbani akusindikize.

Mwishoni mgonjwa hulala sehemu kubwa ya siku. Hapo usimlazimishe uji, unaweza kumpalia. Mlowanishe midomo kwa kitambaa safi na maji, mgeuze taratibu, dawa ya maumivu iendelee kwa namna tutakayowaelekeza akishindwa kumeza. Soga nazo ziendelee, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa anaweza kuwa bado anasikia. Mjukuu wa yule mzee aliingia kila asubuhi akasema, "Mwangaluka, babu," akamweleza jana usiku wamepata ndoo ngapi za dagaa na nani alirusha nyavu vibaya.