Kiganja juu, kiganja chini: nani anabeba chuma unapokunja mkono?

Jioni moja kwenye jimu yetu ya uani, Temeke, kijana mmoja alitua baa chini akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. "Kocha, hii hii nimeikunja mara kumi sasa hivi. Nimegeuza tu viganja vitazame chini, mara ya nne imenigomea. Mkono una nini?" Baa yenyewe ni bomba lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Tulishaipima kwa jirani anayenunua vyuma chakavu, ikasoma kilo 24.

"Mkono mzima kabisa, mdogo wangu," nikamjibu. "Umempunguzia kazi yule mwenye nguvu, mzigo umewaangukia wenzake."

Alichokibadilisha kinaitwa mkao wa kigasha. Kigasha ni ile sehemu ya mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, ambayo mtaani wengi tunaiita tu mkono wa chini. Katika kukunja mkono kuna mikao mitatu inayojulikana: kiganja kikitazama juu, kiganja kikitazama chini, na ule wa katikati, dole gumba likiwa juu kama umeshika nyundo.

Wengi hudhani kiganja hugeukia kwenye kifundo. Si kweli, na unaweza kulihakikisha hapo ulipokaa. Egemeza kiwiko mezani, shika ile ncha yake ngumu kwa mkono wa pili, halafu geuza kiganja juu na chini. Ncha haizunguki. Hiyo ni sehemu ya alna, mfupa wa upande wa kidole kidogo. Kinachozunguka ni mwenzake wa upande wa dole gumba, radiasi, ambao hulala juu ya alna kiganja kinapotazama chini. Ukishajua kwamba mfupa mmoja umetulia na mwingine unazunguka, mengine yote yanatoka hapo, kwa sababu misuli mitatu inayokunja kiwiko haikushika mfupa mmoja.

Baisepsi, ule tunaoupigia picha, umeshika radiasi, kwenye kinundu kilicho karibu na kiwiko. Kwa hiyo una kazi mbili: kukunja kiwiko na kugeuza kiganja kitazame juu. Kunja kiwiko nyuzi 90, weka vidole vya mkono wa pili juu ya baisepsi, kisha zungusha mkono wa kulia kama fundi anayekaza skrubu kwa bisibisi. Utausikia unatuna, ingawa hujanyanyua kitu. Sasa fanya kinyume, geuza kiganja chini, utausikia unalegea.

Kiganja kikitazama chini, kile kinundu kimezunguka kwenda nyuma, na kano ya baisepsi imejiviringa kwenye mfupa kama kamba ya ndoo kwenye gogo la kisima. Wenzo wake wa kukunja, yaani umbali kati ya kiwiko na mstari ambao msuli unavutia, unapungua. Lakini kuna hasara ya pili, na kwangu ndiyo ya kuvutia zaidi: baisepsi ukivuta kwa nguvu katika mkao huo, unataka kukirudisha kiganja juu, na wewe hutaki. Ubongo unatatua ugomvi huo kwa kuupunguzia amri. Hauuzimi kabisa, hasa mzigo ukiwa mzito, ila hauupi kazi yote unayoweza.

Chini ya baisepsi, umejificha, kuna brakialisi. Huu umeshika alna, ule mfupa usiozunguka. Haujali kiganja kimetazama wapi. Katika mikao yote mitatu wenzo wake ni uleule na amri anayopata ni ileile ya kukunja tu. Mwaka 1957, Basmajian na Latif walipopima umeme wa misuli hii, waliukuta brakialisi ukifanya kazi katika kila mkao.

Wa tatu ni brakioradialisi, nyama inayoonekana juu ya kigasha upande wa dole gumba. Unaanzia juu kidogo ya kiwiko, upande wa nje, na kwenda kushika radiasi karibu kabisa na kifundo. Ni mwembamba, lakini una wenzo mrefu kuliko wenzake wote wawili. Kuuona, weka ngumi chini ya meza, dole gumba likiwa juu, usukume meza kwenda juu. Utachomoza kama kamba nene. Mkao huo wa nyundo ndio unaoupa nafasi nzuri zaidi ya kuvuta.

Turudi kwenye baa ya zege. Mzigo haujui kiganja kimegeukia wapi. Chukua dambeli ya kilo 10 iliyo sentimita 30 kutoka kiwiko, kigasha kikiwa kimelala sambamba na sakafu. Misuli inavuta karibu sana na kiwiko. Tukiuchukua wenzo wa sentimita 4 kama mfano, itabidi ivute kwa nguvu inayolingana na kilo 75, na hapo hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Deni hilo lazima lilipwe lote. Baisepsi ukitoa kidogo, brakialisi na brakioradialisi wanaongeza, na wakishindwa, baa haipandi. Ndicho kilichomkuta kijana wetu mara ya nne.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "nyundo ni ya brakialisi". Kugeuza mkono hakuuongezei brakialisi nguvu yoyote. Fungu lake linakua kwa sababu mwenzake amepungua, lakini fungu kubwa la mzigo mdogo linaweza kuwa kazi ileile ya fungu dogo la mzigo mkubwa. Ukishusha kutoka kilo 24 hadi 16 ili uweze kukunja kiganja chini, usitangaze kwamba leo brakialisi umekoma. Anayeonja tofauti ya kweli ni brakioradialisi, na kwa upande wa pili baisepsi, ambao hupata kazi yake kamili kiganja kikiwa juu. Nyundo iko katikati: baisepsi bado unavuta vizuri, brakioradialisi uko mahali pake, ndiyo maana watu wengi hubeba dambeli nzito kwa nyundo bila shida.

Kiganja chini kuna kitu kingine kinachochoka, na si mkunjaji hata mmoja. Ni misuli ya nyuma ya kigasha inayozuia kifundo kisianguke. Tazama ngumi: zikianza kuning'inia kuelekea sakafuni wakati kigasha kinapanda, seti imeisha hata kama kiwiko bado kina nguvu. Ukiendelea hivyo, maumivu hujitokeza upande wa nje wa kiwiko, na wengi husingizia zege. Bomba lililonyooka nalo linalazimisha kifundo. Baa yenye mikunjo huacha kiganja kiinamie kidogo katikati, na vifundo vinashukuru.

Kosa la nyundo ni jingine. Mtu anaanza dole gumba likiwa juu, akifika kwenye kifua kiganja kimeshageuka kumtazama usoni. Baisepsi umerudi kazini kimyakimya. Si dhambi, ila si nyundo tena.

Yule kijana tulimtolea makopo yale tukamfungia madogo, jumla kilo 16. Kiganja chini, viwiko ubavuni, alikunja mara tisa, na ya kumi ngumi zikaanza kuning'inia nikamwambia atue. Nikamuuliza panawaka wapi. Hakugusa baisepsi, alishika juu ya kigasha, upande wa dole gumba, karibu na kiwiko, akakunja uso.